Kuikamata namba kwenye kona

Chukua nyumba ya ghorofa tatu. Kila sakafu yake ina tungamo la tani 50, na nguzo za kila ghorofa ni ngumu kiasi kwamba ukitaka kuisogeza sakafu moja milimita moja kando, kulinganisha na ile iliyo chini yake, utahitaji nguvu ya nyutoni 50,000. Sasa isukume nyumba hiyo, kisha uiachie. Itayumba. Itayumba kwa mwendo gani, na mara ngapi kwa sekunde?

Swali hili mhandisi hana ruhusa ya kulikwepa. Kila jengo lina mwendo wake wa asili, kama bembea, na ardhi au upepo ukilisukuma kwa mwendo huo huo, mayumbo yanakua badala ya kufifia. Nyumba ya sakafu tatu ina miendo mitatu ya namna hiyo, na yote mitatu imefichwa ndani ya jedwali dogo la namba tisa:

```
A =   2  -1   0
     -1   2  -1
      0  -1   1
```

Jedwali la namba hii huitwa matriksi. Safu mlalo ya kwanza inasimulia habari za sakafu ya kwanza: imeshikwa na nguzo za chini na za juu, ndiyo maana ina 2, na jirani yake wa juu anaivuta, ndiyo maana kuna -1. Safu ya tatu ni ya sakafu ya juu kabisa, ambayo imeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo ina 1. Sifuri ya pembeni inasema kwamba sakafu ya kwanza na ya tatu hazigusani. Ukiipa matriksi hii umbali ambao kila sakafu imesogea, inakurudishia nguvu zinazozivuta sakafu hizo kurudi mahali pake.

Jaribu kuisogeza sakafu ya kwanza kipimo 1, ya pili 1.802 na ya tatu 2.247. Nguvu ya kwanza ni 2 × 1 kutoa 1.802, yaani 0.198. Ya pili ni mara mbili ya 1.802, kutoa 1, kutoa 2.247: inabaki 0.357. Ya tatu ni 2.247 kutoa 1.802, yaani 0.445. Linganisha sasa ulichoingiza na ulichopata. 0.198 ni 0.198 mara 1, 0.357 ni 0.198 mara 1.802, na 0.445 ni 0.198 mara 2.247. Umbo la mwegemeo halikubadilika hata kidogo, ila limezidishwa kwa namba moja tu. Kwa hiyo nyumba ikiachiwa katika umbo hilo, sakafu zote tatu zinarudi pamoja, zinapita katikati pamoja na kwenda upande wa pili pamoja. Namba hiyo, 0.198, huitwa thamani eigeni ya matriksi. Kwa nyumba yetu, ukizidisha namba hiyo kwa 1,000 (nyutoni milioni 50 kwa mita, gawanya kwa kilo 50,000), ukatafuta kipeuo cha pili, kisha ukagawanya kwa 6.283, unapata mayumbo 2.24 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa kwanza wa asili.

Lakini mimi nimekupa umbo na namba yake vikiwa tayari. Kazi yenyewe ni kuvipata bila kuambiwa.

Njia inayofundishwa darasani ni kuandika mlinganyo. Kwa matriksi yetu mlinganyo huo ni λ³ − 5λ² + 6λ − 1 = 0, na mizizi yake mitatu ndiyo thamani eigeni tatu. Kwa sakafu tatu njia hii inafaa. Kwa sakafu 20 ni hatari. Mwingereza James Wilkinson, aliyefanya kazi katika maabara ya taifa ya vipimo huko Teddington, alilionyesha jambo hili kwa mfano ambao mpaka leo unashtua. Alichukua mlinganyo wa kipeo cha 20 ambao mizizi yake ni namba 1, 2, 3 hadi 20, imepangwa vizuri, hakuna iliyoikaribia nyingine. Kizigeu kimoja katika mlinganyo huo ni −210. Alikibadilisha kwa kiasi cha karibu 0.00000012, na mizizi 10 kati ya 20 ikaacha kabisa kuwa namba za kawaida, ikageuka kuwa namba changamano. Kompyuta inayokata desimali inafanya mabadiliko madogo kama hayo kila inapoandika namba. Isitoshe, tangu mwaka 1824 Mnorwei Niels Henrik Abel alikuwa amethibitisha kwamba kuanzia kipeo cha tano hakuna kanuni ya jumla ya vipeuo inayotoa mizizi. Kwa hiyo, mtu yeyote anayetafuta thamani eigeni za matriksi kubwa hana budi kuzikaribia hatua kwa hatua.

Hatua hizo zilipata sura yake bora kuanzia mwisho wa miaka ya 1950. Mswisi Heinz Rutishauser wa Zurich alitoa wazo la ajabu kwa jinsi lilivyo jepesi: ivunje matriksi iwe zao la matriksi mbili, kisha zizidishe tena kwa mpangilio uliogeuzwa. Rudia hivyo, na thamani eigeni zinaanza kujitokeza zenyewe kwenye ulalo, yaani mstari unaotoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia. Njia yake ilikuwa na kasoro moja: wakati mwingine namba za katikati zilivimba mno na usahihi ukapotea. Mwaka 1961 watu wawili wasiofahamiana waliiondoa kasoro hiyo kwa dawa ile ile. Mmoja alikuwa Vera Kublanovskaya wa Leningrad. Mwingine alikuwa kijana wa London, John Francis, aliyekutana na tatizo hili katika hesabu za mitikisiko ya mabawa ya ndege. Francis alichapisha makala zake, akahamia kazi nyingine, na hakujua kwamba njia yake inatumika duniani kote mpaka watafiti walipomtafuta na kumpata mwaka 2007.

Dawa yao ilikuwa kuhakikisha kwamba moja ya zile matriksi mbili ni mzunguko mtupu. Matriksi ya kwanza, ambayo huandikwa Q, inazungusha tu mielekeo bila kurefusha wala kufupisha chochote. Ya pili, R, ina sifuri tupu chini ya ulalo. Ukiivunja A kuwa QR, kisha ukazidisha RQ, unapata matriksi mpya ambayo ni ile ile ya zamani ikitazamwa kutoka pembe nyingine. Nyumba haijabadilika, na thamani eigeni zake hazijabadilika. Kwa kuwa Q haivimbishi kitu, makosa madogo ya desimali nayo hayavimbi.

Wazo hilo peke yake linafanya kazi, ila polepole. Kinacholipa kasi ni kusogeza. Kabla ya kuivunja matriksi, toa namba fulani σ kutoka kila nafasi ya ulalo. Vunja, geuza mpangilio, zidisha, kisha irudishe σ ile ile kwenye ulalo:

```
A - σI = QR
A mpya = RQ + σI
```

Herufi I hapa ni matriksi yenye 1 kwenye ulalo na sifuri kwingine kote, kwa hiyo σI ni namna tu ya kusema "σ kwenye ulalo". Ukitoa σ na kuirudisha hupotezi kitu. Basi faida iko wapi?

Tuseme kwa bahati σ uliyoichagua ni thamani eigeni kamili. Hapo A − σI inakuwa matriksi iliyolemaa: kuna umbo la mwegemeo ambalo inalirudishia sifuri tupu. Ulemavu huo hauwezi kukaa ndani ya Q, kwa sababu mzunguko haufuti kitu. Lazima ukae ndani ya R, na kwa matriksi kama yetu, ambayo majirani wa ulalo si sifuri, unaangukia mahali pamoja tu: namba ya mwisho ya ulalo wa R, kwenye kona ya chini kulia. Namba hiyo ikiwa sifuri, safu mlalo ya mwisho ya R yote ni sifuri, na safu ya mwisho ya RQ nayo ni sifuri tupu. Ukiirudisha σ, safu hiyo inasomeka 0, 0, σ. Thamani eigeni imejiketisha kwenye kona, na kila kilichokuwa kinaiunganisha na namba nyingine kimetoweka. Hatua moja, basi.

Bila shaka hatuijui σ kamili, maana ndiyo tunayoitafuta. Lakini σ iliyo karibu na ukweli inaifanya kona ya R iwe karibu na sifuri, na hapo safu ya mwisho inakaribia kukatika. Matriksi mpya inatupa makisio bora ya σ, na hayo yanaikata zaidi. Kwangu mimi hapa ndipo uzuri wote wa njia hii ulipo: kila hatua inaiandalia inayofuata chombo kikali zaidi.

Makisio tunayapata wapi? Pendekezo la Wilkinson ni kukitazama kipande cha mbili kwa mbili kilicho kwenye kona ya chini, kukitafutia thamani eigeni zake mbili kwa mlinganyo wa kawaida wa kipeo cha pili, na kuchukua ile iliyo karibu zaidi na namba ya kona. Kwa nyumba yetu kipande hicho kina 2 na 1 kwenye ulalo, na −1 pembeni. Thamani eigeni zake ni 2.618 na 0.382. Namba ya kona ni 1, na iliyo karibu nayo ni 0.382. Hiyo ndiyo σ ya kwanza.

Tuifanye hatua ya kwanza yote, maana si ndefu. Tukitoa 0.382 kwenye ulalo, tunabaki na 1.618, 1.618 na 0.618. Sasa tunataka kuifuta −1 iliyo chini ya namba ya kwanza. Tunazizungusha safu mbili za juu kwa pembe inayotokana na pembetatu mraba yenye pande 1.618 na 1. Upande wake mrefu ni kipeuo cha pili cha 3.618, yaani 1.902, na huo unaingia kwenye kona ya juu. Baada ya mzunguko huo, namba ya pili ya ulalo imekuwa 0.851, na chini yake bado ipo −1. Tunazungusha safu ya pili na ya tatu kwa pembetatu nyingine, yenye pande 0.851 na 1, ambayo upande wake mrefu ni 1.313. Kazi ya kuvunja imekwisha, na R ndiyo hii:

```
R =  1.902  -1.701   0.526
     0       1.313  -1.022
     0       0      -0.247
```

Itazame ile −0.247 kwenye kona. Si sifuri, lakini ni ndogo kuliko majirani zake, na hiyo ni dalili kwamba makisio yetu hayakuwa mabaya. Mizunguko ile ile miwili sasa tunaitumia kwenye safu wima, ambako ndiko kuzidisha kwa Q, kisha tunarudisha 0.382 kwenye ulalo:

```
A1 =  2.8944  -0.6902   0
     -0.6902   1.8840   0.1885
      0        0.1885   0.2216
```

Kuna mambo mawili ya kukagua kabla ya kuendelea, na anayefanya kazi hii kwa mkono au kwa programu yake mwenyewe asiyaruke. Jumla ya ulalo mwanzoni ilikuwa 2 + 2 + 1, yaani 5, sasa 2.8944, 1.8840 na 0.2216 zinatoa 5 tena. Jumla ya miraba ya namba zote tisa ilikuwa 13, na bado ni 13. Mzunguko hauwezi kuzibadilisha jumla hizo, kwa hiyo ukiona 5 imegeuka 4.97, umekosea alama ya kutoa mahali fulani na hakuna haja ya kusonga mbele.

Angalia pia kwamba sifuri za pembeni zimebaki sifuri. Matriksi yenye namba kwenye ulalo na kwa majirani wake wa karibu tu huhifadhi umbo hilo katika kila hatua, na hilo ndilo linalofanya hatua iwe nafuu. Matriksi kubwa iliyojaa namba kila mahali huletwa kwanza kwenye umbo hili jembamba, kwa kazi ya mara moja, ndipo mizunguko ianze.

Namba inayotuhusu zaidi ni ile iliyo kando ya kona. Ilikuwa 1, sasa ni 0.1885.

Hatua ya pili inafuata njia ile ile. Kipande cha kona sasa kina 1.8840 na 0.2216 kwenye ulalo, na 0.1885 pembeni. Thamani eigeni yake iliyo karibu na kona ni 0.2005. Toa, vunja, geuza, rudisha:

```
A2 =  3.1641  -0.3652   0
     -0.3652   1.6379  -0.0003
      0       -0.0003   0.1981
```

Namba ya pembeni imeshuka kutoka 0.1885 hadi 0.0003. Fanya hatua ya tatu, na inakuwa karibu 0.0000000000005. Mfululizo ni huu: 1, kisha 0.19, kisha 0.0003, kisha sifuri kumi na mbili kabla ya tarakimu ya kwanza. Idadi ya desimali sahihi haiongezeki kwa kujumlisha. Katika matriksi za ulinganifu kama yetu, ikishakaribia, inaongezeka takriban mara tatu kwa kila hatua.

Sasa kona inasoma 0.1980622642, na jirani yake hana uzito wowote. Hapa ndipo tunapokata. Namba ya pembeni tunaiandika sifuri, tunaichukua ya kona kama thamani eigeni iliyokamilika, tunafuta safu mlalo ya mwisho na safu wima ya mwisho, na tunabaki na matriksi ya mbili kwa mbili. Kazi iliyobaki ni ndogo kuliko ya mwanzo, na mizunguko yote tuliyokwisha kufanya imeanza kuitayarisha: ulalo wake ni 3.2299 na 1.572, na pembeni ipo −0.1692. Kipande cha mbili kwa mbili hakihitaji subira, kwa sababu mlinganyo wa kipeo cha pili unatoa jibu papo hapo: 3.2470 na 1.5550. Jumlisha zote tatu, unapata 5.

Kwa nyumba yetu, basi, miendo ya asili ni mayumbo 2.24, 6.28 na 9.07 kwa sekunde.

Mtu makini atauliza: una haki gani ya kuiita sifuri namba ambayo si sifuri? Ni swali la msingi, na jibu lake lina masharti. Katika matriksi ya ulinganifu, yaani ile ambayo upande wa juu wa ulalo ni kioo cha upande wa chini, kuifuta namba ya pembeni pamoja na pacha wake hakuwezi kuisogeza thamani eigeni yoyote kwa zaidi ya ukubwa wa namba hiyo iliyofutwa. Ukifuta 0.0000000000005, kosa halizidi kiasi hicho, na kwa kawaida ni dogo zaidi sana.

Sharti lenyewe ni kwamba udogo upimwe kwa kulinganisha na majirani. Mimi nimeandika matriksi kwa namba 2 na 1 kwa sababu nimetoa nje nyutoni milioni 50 kwa mita. Kama ningeziacha ndani, namba ile ile ya pembeni ingeonekana kama 0.000025, na programu inayosubiri kitu kilicho chini ya 0.0000000001 ingekataa kuikata, ingawa kazi imekwisha. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukitumia vipimo vinavyofanya namba zote ziwe ndogo mno, programu hiyo itazikata zote hatua ya kwanza na kukuletea majibu ya uongo bila kulalamika. Kwa sababu hiyo programu zilizoandikwa vizuri huuliza kama namba ya pembeni ni ndogo kuliko 0.00000000000000022 (usahihi wa kompyuta ya kawaida) mara jumla ya majirani wake wawili wa ulalo. Kwa kipimo hicho kikali, nyumba yetu ingehitaji hatua moja zaidi.

Si lazima namba inayofifia iwe ya kona. Katika matriksi kubwa mara nyingi inafifia iliyo katikati, na hapo matriksi inapasuka vipande viwili vinavyojitegemea, kila kimoja kikashughulikiwa peke yake. Programu inakagua mstari wote wa majirani kabla ya kila hatua.

Ili kuona σ inafanya kazi gani, iondoe. Ukiivunja na kuigeuza matriksi ya nyumba yetu bila kusogeza, namba ya pembeni kwenye kona inapungua kwa uwiano wa thamani eigeni mbili za chini, 0.198 kwa 1.555, yaani inabaki karibu asilimia 13 kila hatua. Hiyo si mbaya sana. Lakini namba ya pembeni ya juu inategemea uwiano wa 1.555 kwa 3.247, na inabakiza asilimia 48 kila mara. Ili nayo ishuke hadi kiwango tulichokifikia, zingehitajika hatua karibu 40. Na jengo ambalo thamani eigeni zake mbili zimekaribiana, kwa mfano 1.55 na 1.56, lingehitaji maelfu.

Swali lingine ni kama kweli tunahitaji ule mlinganyo wa kipande cha kona. Mbona tusichukue namba ya kona yenyewe iwe σ? Ni wazo la asili, na mara nyingi linafanikiwa. Lijaribu kwenye nyumba yetu. Kona ni 1, kwa hiyo σ ni 1. Baada ya hatua ya kwanza namba ya pembeni ni 0.7071, na kona bado ni 1. Baada ya hatua ya pili namba ya pembeni ni 0.6, na kona imesogea hadi 1.2. Kwa hatua hizo hizo mbili, pendekezo la Wilkinson lilikuwa limefika 0.0003. Njia ya kona tupu inasitasita kati ya thamani eigeni mbili, 0.198 na 1.555, kabla ya kuamua inamfuata nani. Kuna mahali haiamui kamwe:

```
0  1
1  0
```

Kona hapa ni sifuri, kwa hiyo hakuna kinachosogezwa. Matriksi yenyewe ni ya kugeuza tu, ambayo R yake ni I, na RQ inakuwa ile ile uliyoanza nayo. Unaweza kurudia mpaka umeme ukatike. Namba ya pembeni itabaki 1. Kumbe thamani eigeni zake ni 1 na −1, na kipande cha mbili kwa mbili kinazitoa mara moja. Mwaka 1968 Wilkinson alithibitisha kwamba kwa matriksi nyembamba za ulinganifu pendekezo lake halikwami kamwe, popote unapoanzia. Kwa maoni yangu uthibitisho huo una thamani kuliko kasi yenyewe, kwa sababu mhandisi anayesubiri jibu la jengo anahitaji kwanza kujua kwamba jibu litakuja.

Nje ya ulinganifu mambo yanakuwa magumu zaidi. Mabawa ya ndege yanayotikiswa na hewa yanaleta matriksi ambazo upande mmoja wa ulalo haufanani na mwingine, na thamani eigeni zake huja mara nyingi kama jozi za namba changamano. σ ya kawaida haiwezi kuikaribia jozi ya namna hiyo. Francis alilimaliza tatizo hili kwa kufanya misogezo miwili kwa mpigo, mmoja kwa kila mwenzi wa jozi, akiupanga ili hesabu zote zibaki katika namba za kawaida. Hapo kinachokatwa kwenye kona si namba moja, bali kipande cha mbili kwa mbili, na jozi inasomwa ndani yake. Na sharti la kuifuta namba ya pembeni linalegea: katika matriksi isiyo na ulinganifu, kosa dogo la kukata linaweza kuisogeza thamani eigeni kwa kiasi kikubwa kuliko kosa lenyewe, hasa pale ambapo thamani mbili zinakaribia kugongana.

Huko pia hakuna uthibitisho kama ule wa 1968. Zipo matriksi chache zinazoifanya misogezo ya kawaida izunguke bila kufika, kama ile ya tatu kwa tatu inayohamisha tu namba ya kwanza kwenda nafasi ya pili, ya pili kwenda ya tatu, na ya tatu kurudi mwanzo. Waliotunga maktaba ya programu iitwayo EISPACK miaka ya 1970 waliweka kinga: thamani eigeni ikishindwa kujitenga baada ya hatua 10, programu inaacha hesabu ya kawaida ya σ na kutumia ya kubuni, ili kuivuruga duara hiyo, hatua ya 20 inafanya hivyo tena. Ikifika 30 bila mafanikio, inasimama na kumwambia mtumiaji ni thamani ipi iliyokataa, huku zile zilizokwisha kukatwa zikiwa zimehifadhiwa salama.